Odi za 2-0 na 2-1 kwenye tenisi

"Mchezaji wangu ana 60% ya kushinda seti moja. 2-0 na 2-1 zinastahili odi gani?"

Mechi ya seti tatu, 2-0 ni 0.6 × 0.6, yaani 36%. Jamaa mwingine aliyejibu swali hili kapiga 0.6 × 0.6 × 0.4, akapata 14.4% kwa 2-1. Hiyo ni nusu tu, maana seti anayopoteza inaweza kuwa ya kwanza au ya pili. Zidisha mara mbili: 28.8%. Ukigawanya 1 kwa hizo, odi za haki ni 2.78 na 3.47. Ukipewa chini ya hapo, achana nayo. Ila 60% yenyewe haikai palepale: akiumia kifundo seti ya kwanza, ya pili ni hesabu nyingine.