Maswali ya mikopo: miaka 3, miaka 6 au miaka 8?

Nataka milioni 10 nimalizie nyumba. Benki inanipa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, inayopungua kadiri deni linavyopungua. Afisa mikopo ananishauri nichukue miaka 8 kwa sababu "makato hayataumiza". Ni kweli? (Mtumishi, Dodoma)

Yataumiza kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Ukichukua miaka 3, makato ni kama shilingi 356,500 kwa mwezi, na hadi unamaliza utakuwa umelipa riba ya milioni 2.83. Miaka 6 inayateremsha makato hadi 222,500, ila riba inapanda kufika milioni 6.02. Kwa miaka 8 unakatwa 191,200, na riba yote ni milioni 8.36. Hapo umekaribia kuirudishia benki nyumba mbili kwa kukopeshwa moja.

Sasa tazama hatua zenyewe. Kutoka miaka 3 kwenda 6, makato yanapungua kwa 134,000 kila mwezi. Huo ni unafuu unaoonekana: ada ya shule, umeme, nauli. Lakini kutoka 6 kwenda 8 unapunguziwa 31,000 tu, na kwa hizo unalipa riba ya ziada ya milioni 2.34.

Sababu ni kwamba kila mwezi benki inachukua riba yake kwanza, kinachobaki ndicho kinachopunguza deni. Riba ya mwezi wa kwanza kwa milioni 10 ni 141,667, yaani asilimia 17 ya deni, gawanya kwa 12. Hata ukipewa miaka 30, rejesho haliwezi kwenda chini ya hapo, maana deni lisingepungua hata shilingi. Ndiyo maana kila mwaka unaouongeza unakupa unafuu mdogo kuliko uliotangulia. Kwenye mkopo wako wa miaka 8, rejesho la kwanza litapunguza deni kwa 49,500 tu. Kwenye ule wa miaka 3 lingepunguza karibu 215,000.

Mwenye Excel ajipimie mwenyewe kabla ya kwenda benki. Hii ni ya miezi 72:

```
=PMT(17%/12,72,-10000000)
```

Badilisha 72 uweke 36, 48 au 60, uone unafuu unaishia wapi. Kwa mkopo wako, mimi nisingevuka miaka 6.

Mimi ni mwalimu, mshahara wa msingi 750,000. Kodi, PSSSF, bima ya afya, chama na Bodi ya Mikopo vinachukua jumla 246,000. Nami nataka milioni 10, riba hiyohiyo ya 17. Niliomba miaka 3 wakanikatalia. (Mwalimu, Kahama)

Mwalimu, kilichokukwamisha ni theluthi. Mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwako ni 250,000. Kwa hiyo makato yote kwa pamoja yasizidi 500,000, na tayari umetumia 246,000. Nafasi iliyobaki ni 254,000, wakati miaka 3 ingetaka 356,500.

Miaka 5 inapita: makato 248,500. Lakini kupita kwenye mfumo siyo sawa na kuishi. Utabaki na 255,500 mkononi, na mfumo haujui kama unalipa kodi ya nyumba wala kama kuna mgonjwa kijijini. Chukua daftari uandike matumizi ya miezi mitatu iliyopita, halafu ujiulize kama hiyo 255,500 ingetosha katika ule mwezi mbaya kuliko yote. Isipotosha, utaanza kukopa kwenye simu kila tarehe 20, na riba ya huko itameza chochote ulichookoa kwa kufupisha muda.

Kuna mlango wa tatu ambao afisa mikopo hana sababu ya kukuonyesha: punguza kiasi. Milioni 7 kwa miaka 3 ina makato ya 249,600, karibu sawasawa na milioni 10 kwa miaka 5. Kwa hiyo swali lako la kweli ni hili: zile milioni 3 za juu zina kazi gani? Zitakufanya ukatwe miaka 2 zaidi, na zitakugharimu jumla ya milioni 5.93. Kama ni za kupaua kabla ya mvua, huenda zina maana. Kama ni za vigae na geti, zinaweza kusubiri.

Je, nikichukua miaka 6 ili nisibanwe, halafu niwe naongeza kidogo kila nikipata? (Muuguzi, Mbeya)

Mpango mzuri, kwa mtu anayeongeza kweli. Kwa mfano uleule wa milioni 10, ukiongeza 50,000 kila mwezi tangu mwanzo utamaliza ndani ya miezi 53 badala ya 72, na riba itashuka kutoka milioni 6.02 hadi kama 4.2. Mwezi mgumu unaacha kuongeza na hakuna wa kukuuliza.

Yanayoharibu mpango huu ni mambo ya karatasi. Pesa uliyoiweka kwenye akaunti haipunguzi mkopo yenyewe; inaweza kukaa hapo huku riba ikitembea. Andika barua kwamba ni malipo ya ziada ya deni la msingi na kwamba unataka muda ufupishwe, rejesho libaki lilelile. Wakipunguza rejesho na kuacha muda ulivyo, sehemu kubwa ya faida imepotea. Kabla ya kusaini, uliza pia kama kuna tozo ya kulipa mapema. Baada ya malipo ya kwanza ya ziada, omba taarifa ya mkopo uone kama salio limeshuka kwa kiasi kilekile ulicholipa.

Taasisi moja hapa mtaani inatoa kwa asilimia 10 kwa mwaka, miaka 3. Si bora kuliko benki ya 17? (Fundi, Mwanza)

Uliza kama ni riba ya flati, yaani inayopigwa juu ya kiasi chote ulichokopa hadi siku ya mwisho, hata kama umesharudisha nusu. Kama ndiyo, milioni 10 itakuwa na riba ya milioni 3 na rejesho la 361,100. Benki ya 17 ilikuwa 356,500. Tena kwenye flati, kulipa mapema mara nyingi hakukupunguzii kitu, kwa hiyo ujanja wa muuguzi hapo juu haukuhusu.

Nimeshalipa miaka 2 kati ya 6, mkopo wa milioni 10 kwa 17. Wananiambia nifanye topapu: makato yatabaki yaleyale na napata pesa mkononi. Nahitaji bati za 900,000 tu. (Mama wa watoto wanne, Songea)

Mama, umeshakatwa milioni 5.34, lakini deni limepungua kwa milioni 2.29 tu, bado unadaiwa milioni 7.71. Wakikupa milioni 10 mpya kwa miaka 6, watafuta la zamani na kukukabidhi hizo milioni 2.29, kabla ya ada na bima ya mkopo. Makato yanabaki 222,500, hapo hawajakudanganya. Ila ulikuwa umebakiza miaka 4, sasa umerudi kwenye 6. Miezi 24 ya nyongeza mara 222,500 ni milioni 5.34, kwa pesa isiyofika milioni 2.3.

Kama uko kwenye SACCOS, kaombe mkopo mdogo wa 900,000 kwa mwaka mmoja. Rejesho litakubana miezi 12, lakini ule mkopo mkubwa utaisha tarehe ileile uliyoipanga.