Ukikuta '000 juu ya safu: namna ya kuandika elfu, laki na milioni kwenye taarifa ya wanachama

Kazi yangu hapa Uyole ni kuandikia vikundi na vyama vya akiba na mikopo taarifa zao. Mhasibu au mkaguzi analeta mahesabu ya mwaka, mimi nayageuza kuwa maelezo ambayo katibu atayasoma mbele ya wanachama. Ugomvi mwingi wa fedha niliousikia kwenye mikutano hiyo, kuanzia Tukuyu mpaka Mbarali, haukutokana na wizi. Ulitokana na sifuri tatu ambazo hazikuandikwa, au ziliandikwa mara mbili.

Kwenye jedwali la mahesabu, kabla hujaangalia namba yoyote, soma kichwa cha safu. Kikisema TSh peke yake, namba zote ni shilingi kamili. Kikisema TSh '000, kila kiasi cha fedha kilicho chini yake kimepunguzwa sifuri tatu ili jedwali lienee kwenye ukurasa. Alama hiyo ni ndogo, na wakati mwingine ipo kwenye ukurasa wa kwanza tu huku jedwali likiendelea hadi wa nne. Anayepewa ukurasa wa tatu peke yake akanakili hana namna ya kujua. Ndiyo maana huwa naomba kitabu kizima, hata kama kinachotakiwa ni mistari miwili.

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 214. Chini ya TSh '000 kuna riba iliyopokelewa 9,875, gharama za uendeshaji 6,240 na ziada 3,635. Fedha taslimu mwisho wa mwaka ni 320. Katibu akisoma kama alivyoona, atasema "ziada yetu ni shilingi elfu tatu mia sita thelathini na tano". Nimewahi kuwa kwenye mkutano wa namna hiyo. Mzee mmoja alisimama akasema, "Ndugu Katibu, mwaka mzima tumelipa riba, halafu kilichobaki hakitoshi hata kilo mbili za mchele wa Kyela?" Kelele zilizofuata zilikula nusu ya mkutano, na viongozi walikuwa hawajagusa hata senti.

Ziada hiyo ni 3,635,000. Kwa maneno ni shilingi milioni tatu, laki sita na elfu thelathini na tano. Fedha taslimu ni 320,000, yaani laki tatu na elfu ishirini. Ila usibandike sifuri kila mahali. Wanachama 214 wanabaki 214. Asilimia ya riba haiguswi. Na kama chini ya jedwali pameandikwa gawio la shilingi 450 kwa hisa, hiyo ni shilingi mia nne na hamsini kamili, kwa sababu viwango vya kitu kimoja kimoja kwa kawaida huwekwa nje ya hesabu ya maelfu. Namba iliyofungwa kwenye mabano, kama (250), ni upungufu au hasara: ni 250,000 zilizotoka.

Kosa la pili ni la upande wa pili. Mtu anaandika 3,635,000 vizuri kabisa, lakini anaacha kichwa cha TSh '000 pale pale. Anayekuja baada yake anaona kichwa, anaongeza sifuri tatu, na chama kidogo kinapata ziada ya bilioni tatu na ushee. Ukishaongeza sifuri, futa '000 hapo hapo na uandike TSh.

Kuna kipimo ambacho nakitumia kila mara: gawa kiasi kwa idadi ya wanachama. Milioni 3.6 kwa watu 214 ni kama elfu kumi na saba kwa kila mmoja, jambo linaloingia akilini kwa chama cha namna hii. Zile elfu tatu na ushee zingetoa shilingi kumi na saba kwa mtu. Zile bilioni zingetoa milioni kumi na saba kwa mtu. Jibu sahihi linajionyesha lenyewe. Kwa fedha taslimu nahesabu noti: bunda la noti mia moja za elfu kumi ni milioni moja, kwa hiyo laki tatu na elfu ishirini ni noti thelathini na mbili. Mtunza hazina anajua kama sandukuni kulikuwa na noti kiasi hicho.

Sasa maneno yenyewe. Sokoni tunameza elfu, na hatukosani. Mtu wa viazi akikwambia gunia ni "sabini na tano", unajua ni elfu sabini na tano. "Laki tatu na ishirini" kila mtu anasikia 320,000. "Milioni nne na mia tano" kila mtu anasikia 4,500,000, kwa sababu mzigo upo mbele yenu na bei mnaijua. Karatasi haina mzigo mbele yake. Miaka miwili baadaye mtu mwingine anaweza kuisoma ile ya laki kuwa 300,020 na ile ya milioni kuwa 4,000,500, na kwa herufi zilivyokaa hutaweza kumwambia amekosea. Kwa hiyo kwenye maandishi kila kipande kibebe kipimo chake: laki tatu na elfu ishirini, milioni nne na laki tano. Baada ya milioni usiweke mia bila kutaja ni mia za nini.

Panapobana zaidi ni "elfu thelathini na tano". Ni 35,000, au ni 30,005? Sarafu ya shilingi tano huioni tena sokoni, lakini riba zinazokokotolewa kwenye leja huzaa shilingi tano na saba kila siku. Mimi nimeshika utaratibu mmoja: elfu thelathini na tano naiandika kwa 35,000 tu, na ile nyingine naiandika elfu thelathini na shilingi tano. Wapo wanaopenda "thelathini na tano elfu", nayo haina utata. Chagua moja uitumie taarifa nzima, na tarakimu kamili zikae pembeni kwenye mabano.

Limebaki neno "tu". Tunalipenda mwishoni mwa kiasi, na kwenye hundi au stakabadhi lina kazi yake, maana linafunga mlango wa kuongeza. Lakini namba iliyotoka kwenye jedwali la '000 imekadiriwa. Tuseme gharama zile zilikuwa posho 2,437,400, pango 1,800,400 na mengineyo 2,002,400. Jumla halisi ni 6,240,200. Kwenye jedwali zitaonekana 2,437, 1,800 na 2,002, ambazo ukizijumlisha unapata 6,239, ilhali mstari wa jumla unasema 6,240. Mwanachama mwenye kikokotoo atauliza elfu moja imekwenda wapi. Haijaenda popote, ni zile mia nne nne zilizoachwa kwenye kila mstari. Andika sentensi moja chini ya jedwali kwamba namba zimekadiriwa hadi elfu iliyo karibu, na kwenye maelezo sema "takriban shilingi milioni sita, laki mbili na elfu arobaini", bila "tu". Kiasi kikiwa cha kulipwa, kama gawio au deni la mtu, usikitoe kwenye jedwali hilo kabisa. Mwombe mhasibu akupe kilichoandikwa kwenye leja, hadi shilingi ya mwisho, na hapo ndipo uandike "tu".