Salamu ya aliyezaliwa 29 Februari: itumwe lini na iandikwe vipi

"Wakuu, shemeji yangu (mke wa kaka) alizaliwa 29/02/2000. Mwaka huu wa 2026 Februari inaishia 28. Nimtumie salamu siku gani, na niandike nini ambacho hajakisikia?"

Mkuu, mdogo wangu wa kike ni wa tarehe hiyohiyo, ila yeye ni wa 1996. Mwaka 2021 nilimkosea mara mbili kwa ujumbe mmoja, kwa hiyo nasema kwa machungu.

Kwanza niliandika kwenye grupu la familia: "Hongera mdogo wangu kwa kutimiza miaka sita!" Alikuwa na 25. Utani ule ameusikia tangu shule ya msingi, akaniwekea kidole gumba basi. Shangazi yetu wa Sengerema ndiye aliyepiga simu, anauliza kwa dhati ni mtoto wa nani huyo na mbona hakuambiwa.

Pili, niliutuma tarehe 28 saa tatu usiku. Baadaye akanijibu pembeni: "Kaka, bado sijazaliwa."

Nilidhani ni maringo, mpaka Mama aliponieleza kwamba alizaliwa saa tano na nusu usiku. Ingepita nusu saa tu angekuwa mtoto wa Machi, na yeye mwenyewe miaka yote hujihesabu kuanzia tarehe 1. Nikakaa na kikokotoo cha simu, nikakuta ana haki.

Iko hivi. Dunia haimalizi kulizunguka jua kwa siku 365 kamili, inahitaji na saa 5 na dakika kama 49 juu yake. Masaa hayo ndiyo yanayolimbikizwa hadi mwaka mrefu, yanalipwa kwa tarehe 29. Yeye kwa miaka 25 alikuwa amelimbikiza saa 145 na dakika 19 hivi. Tarehe 29 zilizopita tangu azaliwe zilikuwa sita (2000, 2004, 2008, 2012, 2016 na 2020), nazo zinakula saa 144. Inabaki saa moja na dakika 19. Ukiianza saa tano na nusu usiku wa tarehe 28, unaangukia saa saba kasoro, Machi mosi imeshaingia. Mimi nilikuwa nimewahi karibu saa nne.

Sasa shemeji yako. Miaka 26 inalimbikiza kama saa 151. Tarehe 29 alizozipata ni sita (2004 hadi 2024), toa 144, zinabaki saba. Kwa hiyo chukua saa aliyozaliwa, uiweke tarehe 28, uongeze saa saba. Kama ni kabla ya saa 11 jioni, salamu yake ni ya tarehe 28. Kama ni baada ya hapo, subiri Machi mosi. Saa hiyo muulize kaka, naye amuulize mama mkwe wake, maana cheti cha kuzaliwa hakitakusaidia. Hesabu hii usiibebe mwakani bila kuipiga upya, kwa sababu 2027 zitakuwa karibu saa 13. Na kama mwenyewe ana siku anayoishika, ishike hiyohiyo uachane na kikokotoo. (Kwetu Usukumani mtoto wa mvua ni Mabula, wa njaa ni Nzala. Wa tarehe 29 hatukumtafutia jina, tungekuwa tunakumbuka wenyewe.)

Kuhusu maneno: usimpunguzie umri. Ana miaka 26 na kitambulisho kinasema hivyo. Kilicho kichache ni tarehe, siyo miaka, na hapo ndipo pa kuchezea. Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui: kuanzia 1901 hadi 2099 kalenda yetu hurudia siku za wiki kila baada ya miaka 28. Mdogo wangu alizaliwa Alhamisi, na 29 Februari 2024 ikawa Alhamisi tena. Nilimwandikia hivyo, akabisha, akaenda kutafuta kalenda ya 1996 kwenye simu. Jioni tulikuwa Igombe ufukweni tunakula sato wa kuchoma, keki ina mshumaa wa namba saba, na anamwonyesha kila mtu ile kalenda.

Shemeji yako alizaliwa Jumanne, na 29 Februari 2028 ni Jumanne. Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Shemeji, heri ya kuzaliwa. Miaka 26 ni yako yote, ila tarehe yenyewe imekuja kukuona mara sita tu. Ulizaliwa Jumanne, na 2028 inarudi Jumanne ileile. Sato wa siku hiyo ni juu yangu, tukijaliwa."

Hiyo ahadi ya sato iandike kama kweli utainunua. Mimi nilianza kukumbushwa miezi minane kabla.