Watalii hawafutiki kwenye picha ya Sanamu ya Askari

"Nimeunganisha picha 15 za Sanamu ya Askari kwa thamani ya katikati, ila watalii wawili bado wapo. Nakosea wapi?"

Habari ndugu. Anza kuangalia saa ambayo kila picha ilipigwa. Kama zote ni za dakika moja, tatizo ndilo hilo. Mtu hufutika pale tu ambapo kilicho nyuma yake kimeonekana wazi kwenye zaidi ya nusu ya picha. Aliyesimama palepale kwenye picha 9 kati ya 15 lazima abaki.

Mimi pale Samora napiga moja kila sekunde 30, jumla 21, kamera ikiwa kwenye stendi, mwanga na fokasi nimevifunga. Ni dakika kumi, na anayesimama dakika nne hupotea kabisa. Kisha naziunganisha kwa programu ya ImageMagick:

```
magick *.jpg -evaluate-sequence median safi.jpg
```

Safari moja mtalii alikaa kwenye ngazi za sanamu katika picha 12 kati ya 21. Nilitoa sita zenye yeye, zikabaki 15, yeye yumo kwenye sita tu. Akafutika. Ila asiyeondoka kabisa hafutiki kwa njia hii. Msubiri aondoke, upige nyingine, stendi usiiguse.