Usiseme tu "hoteli ina kelele": taja chumba

Nilipewa chumba cha ghorofa ya nne, upande wa barabara, mlango wa pili kutoka kwenye lifti. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu karibu kila nilichopenda na nilichochukia pale kilitokana na mahali chumba kilipokuwa. Maoni mengi ya wasafiri hayasemi mtu alilala wapi. Mmoja anaandika "kimya kabisa", mwingine "sikufumba jicho", na wote wawili wanaweza kuwa wakweli ndani ya jengo moja.

Nianze na usafi, maana ndio ninaoukagua kabla sijaweka begi kitandani. Begi hukaa bafuni au juu ya kigoda mpaka nimalize. Navua shuka kwenye pembe za godoro upande wa kichwani, napitisha tochi ya simu kwenye mishono, halafu namulika nyuma ya ubao wa kitanda. Kunguni mkubwa ana urefu wa kama milimita 5, bapa, rangi ya kahawia, lakini si lazima umwone mwenyewe. Mara nyingi utaona alama zake: vidoa vyeusi kama wino wa kalamu uliovujia kwenye kitambaa, au maganda makavu aliyojivua. Hapa sikuona kitu. Shuka zilikuwa zimepigwa pasi, foronya hazina nywele, taulo zinanukia sabuni.

Bafuni kulikuwa na harufu ya maji taka, na hapo ndipo wengi wangeandika "pachafu" na kufunga mjadala. Chini ya tundu la kutolea maji sakafuni kuna bomba lililopinda, na maji yanayobaki kwenye pindo ndiyo yanayozuia hewa ya mfereji isipande. Chumba kisipotumika kwa muda, maji yale hukauka na harufu hupata njia. Nilimimina glasi kadhaa za maji kwenye tundu, nikafungua dirisha, na baada ya kama robo saa harufu ilikuwa imekwisha, wala haikurudi. Ingerudi, ningejua tatizo ni la bomba lenyewe na ningeomba fundi. Kwa hiyo siwezi kuwaita wachafu kwa hilo. Chujio la kiyoyozi ni habari nyingine: nilipofungua mfuniko nikakuta vumbi limeganda kama blanketi, na vumbi la namna ile halikusanyiki kwa juma moja. Wahudumu wanasafisha kila siku kile mgeni anachokiona, ila matengenezo yanasuasua. Niliandika hivyo hivyo kwenye maoni yangu.

Sasa kelele. Barabara ilikuwa na pikipiki na malori mpaka usiku wa manane, kisha ikatulia, na dirisha likifungwa vizuri ilivumilika. Kilichoninyima usingizi ni lifti. Kila ilipoitwa ulisikika mshindo mdogo ukutani, kisha mvumo hadi isimame. Kuna jaribio jepesi la kutofautisha kelele za aina hizi mbili: zima kiyoyozi na televisheni, funga dirisha, kisha weka kiganja ukutani. Ukihisi mtetemo, sauti inasafiri ndani ya jengo lenyewe, na pazia zito au dirisha bora havitakusaidia. Vizibo vya masikio navyo hupunguza zaidi sauti nyembamba, kama maongezi, kuliko mngurumo mzito wa mashine au besi ya muziki. Dawa yake ni kuhama chumba.

Kwa wanaopenda namba: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo chumbani usiku isizidi desibeli 30, na milipuko ya sauti ya mara moja moja isizidi 45. Simu yangu ilisoma zaidi ya 40 hata palipotulia, ikaruka juu ya 50 lifti ilipopita. Simu si kipimo cha kutegemea, nakubali, lakini inatosha kulinganisha chumba kimoja na kingine ukiishika mahali pale pale, juu ya mto.

Nilishuka mapokezi saa nane usiku. Kijana wa zamu alinisikiliza bila kunikatiza, akaniomba radhi, akanieleza kwamba vyumba vilivyo wazi vilikuwa bado havijasafishwa na yeye hana ruhusa ya kuvitoa. Akaandika malalamiko yangu kwenye daftari la zamu mbele ya macho yangu. Usiku ule sikupata msaada wowote zaidi ya maneno mazuri. Asubuhi, kabla sijafungua kinywa, msimamizi aliniita kwa jina na kunipa chumba kingine: ghorofa ile ile, mwisho wa korido, dirisha linatazama uani. Hapo ndipo nilipopima ukarimu wao. Tabasamu la kukupokea ni sehemu ya kazi. Malalamiko ya usiku kufika zamu ya asubuhi bila wewe kuyarudia ndiyo dalili ya hoteli inayoongozwa vizuri. Dosari ninayoiona ni kwamba mtu wa usiku hapewi uwezo wa kuamua, na mgeni anayeondoka alfajiri ataondoka na usiku wake mbovu. Nililaumu utaratibu, kijana sikumlaumu.

Chumba cha pili kilikuwa tofauti kabisa. Kiganja ukutani hakikuhisi kitu, na simu ilishuka karibu na 30.

Mahali ilipo hoteli sina mengi. Tangazo lilisema ni mwendo mfupi kutoka stesheni, na kwa mtu mwenye mikono mitupu ni kweli. Hawakutaja daraja la waenda kwa miguu lenye ngazi pande zote mbili, bila lifti. Ukiwa na sanduku zito au mtoto mgongoni, chukua gari. Usiku njia ina taa na watu, hilo nililihakiki kwa kutembea mwenyewe. Ukaribu huo huo na stesheni ndio unaoleta malori chini ya dirisha, kwa hiyo anayeutaka aombe upande wa uani.

Ukiomba, omba kwa maneno yanayoeleweka. "Naomba chumba kisicho na kelele" kila mgeni husema, na mtu wa mapokezi hana cha kufanya nacho. Mimi sasa huandika: mwisho wa korido, mbali na lifti na chumba cha wahudumu, upande usiotazama barabara, na kisiwe juu wala chini ya ukumbi au baa. Ombi la kwenye fomu halina dhamana, na hoteli nyingi hugawa vyumba siku ya kuwasili au jioni iliyotangulia. Piga simu wakati huo, uulize namba ya chumba ulichopangiwa, kisha uulize kiko hatua ngapi kutoka lifti. Mtu wa mapokezi akisita kujibu, mwombe akubadilishie hapo hapo, vyumba vikiwa bado vipo.