Maswali na majibu: Tangazo la msiba na ile namba ya mchango

Namba ya mchango tuiweke juu ili watu waione mapema, au chini?

Chini kabisa. Anayepokea tangazo la msiba anataka kujua nani amefariki, halafu anazikwa lini na wapi. Akikutana na namba ya simu kabla ya jina la marehemu, mmeshamwonyesha mlichokuwa mnakiwaza.

Tuliandika "mazishi ni kesho saa 10". Wapo waliofika asubuhi wakasubiri juani, na wapo waliokuja siku iliyofuata. Tulikosea wapi?

Kwenye "kesho". Tangazo likitoka mikononi mwenu linapita kundi hadi kundi, na kila anayelipokea ana kesho yake. Andikeni siku na tarehe pamoja: Jumamosi, tarehe 14. Moja ikikosewa, ya pili itawashtua wasomaji na watauliza mapema. Saa nayo iambatane na sehemu ya siku, yaani saa 10 alasiri. Ndugu waliozoea kusoma saa kama ilivyo kwenye simu wakiona 10 tupu wanaelewa saa 4 asubuhi.

Mkiwa mnarekebisha hapo, tenganisheni vituo. Mwili unatoka wapi na saa ngapi, unaagwa wapi, ibada au sala iko wapi, kaburi liko wapi. Aliyechelewa kuaga ajue aelekee moja kwa moja makaburini bila kumpigia simu mjane.

Tumeweka namba tatu za mitandao mitatu ili kila mtu achangie kwa urahisi. Mbona michango haiingii?

Kwa sababu mmewapa watu mambo matatu ya kutilia shaka. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara tangazo likiambatanishwa naona kasoro ile ile, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Angalieni familia moja iliyonitumia tangazo lao. Waliandika: "Mchango utumwe kwa baba mdogo wa marehemu, mweka hazina." Kisha namba. Mtu akiingiza namba hiyo, kabla ya kuthibitisha, simu inamwonyesha jina la mwenye laini. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, kwa kuwa laini ilisajiliwa na mke wa huyo baba mdogo miaka ya nyuma. Mchangiaji asiyeijua familia kwa undani anafanya nini? Anaghairi. Anajiambia atauliza baadaye, na baadaye haifiki. Wachache wanapiga simu, na mfiwa anageuka karani wa kueleza shemeji ni nani.

Dawa yake ni ndogo. Chagueni mtu mmoja, laini moja, na andikeni jina herufi kwa herufi kama linavyotokea kwenye simu ya anayetuma, si jina la utani wala "Mama Fulani". Kabla ya kutangaza, mmoja wenu atume kiasi kidogo kutoka simu nyingine, asome jina na ahakikishe kimefika.

Mwulizeni pia huyo mweka hazina, kwa faragha, kama anadaiwa kwenye mikopo ya simu. Zile huduma za kukopeshwa ili kukamilisha muamala hujilipa zenyewe kutoka pesa ya kwanza itakayoingia. Rambirambi ikishamezwa na deni lake, ugomvi utaanzia kwenye turubai. Hapo hakuna aliyeiba, lakini nani atawaaminisha wanaukoo?

Jambo la mwisho hapa ni ukomo. Akaunti ya pesa ya simu ina kiwango cha juu cha salio, na ikijaa miamala inakataa kupita. Kama mnatarajia watu wengi, mweka hazina awe anahamishia benki au anatoa kila jioni mbele ya shahidi, na anaandika daftarini.

Laini ya marehemu bado iko hewani na watu wote wanaijua. Tuitumie hiyo?

Hapana. Salio lililomo ni sehemu ya mirathi, na mkichanganya na michango hamtaweza kutenganisha. Tena kuendelea kutumia namba ya siri ya marehemu ni kujitafutia kesi. Kampuni ikiarifiwa kifo inaweza kuifunga, na kuifungua kutahitaji nyaraka za mirathi huku jeneza likiwa halijalipiwa.

Tutaje kiasi cha kila mtu kuchangia?

Kwa wanaukoo, kwenye kikao chenu, ndiyo. Kwenye tangazo la watu wote, hapana.

Tangazo letu linazunguka likiwa na namba tusiyoijua. Picha ya marehemu ni ile ile, maneno ni yale yale. Tufanyeje?

Mmeibiwa tangazo, na mwizi alibadilisha mstari mmoja tu. Usiku huu huu toeni tangazo jipya lenye tarehe na saa ya kutolewa, mkitaja kwamba namba sahihi ni moja na jina lake ni hili. Msiirudie namba ya tapeli ndani yake, maana wapo watakaosoma haraka na kuitumia. Namba hiyo ipelekeni kwa kampuni ya simu na polisi. Waliokwisha kutuma nao waripoti wenyewe, kwa kuwa kumbukumbu ya muamala iko kwao.

Wengine hudhani tangazo likiwa picha haliwezi kuchezewa. Linaweza, tena kwa urahisi. Na namba iliyo ndani ya picha haiwezi kunakiliwa kirahisi, hivyo watu huiandika kwa mkono na kukosea tarakimu. Tumeni picha, na chini yake maandishi yenye namba na jina.

Mtu kapiga analia, anasema katuma kwetu kimakosa na anaomba turudishe. Ujumbe wa muamala tumeuona.

Mmeuona ujumbe, je, salio mmeliona? Ujumbe unaweza kughushiwa. Hata kama pesa imeingia kweli, msirudishe wenyewe: mwambieni aombe kampuni yake irudishe muamala. Mkimtumia, kisha naye akaomba urejeshwe, mtakuwa mmelipa mara mbili.

Tuandike chanzo cha kifo?

Mkikubaliana wote. Mmoja akikataa, acheni.

Naomba sampuli ya tangazo.

Nimeshaitoa mara nyingi, na bado nawaona mnanakili ya jirani mkiacha jina la marehemu wake. Haya:

"Familia ya (jina la ukoo) inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao (majina matatu), kilichotokea (siku na tarehe), (mahali). Marehemu ameacha mjane na watoto wanne. Msiba upo nyumbani kwa (jina na uhusiano), (mahali). Mwili utaagwa (siku, tarehe, saa, mahali), na mazishi ni (siku, tarehe, saa, mahali). Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Kwa rambirambi: (namba), jina (kama linavyotokea kwenye simu). Kwa maulizo: (namba ya mtu mwingine)."

Huyo wa maulizo asiwe mweka hazina, wala asiwe mfiwa wa karibu. Wekeni binamu mwenye subira na chaji.

Tumeshazika na pesa bado inaingia. Tuiache tu?

Tangazeni shukrani, na humo humo mtaje jumla iliyopokelewa na siku ya kufunga mchango. Mweka hazina aombe taarifa ya miamala kutoka kampuni yake, ailinganishe na daftari mbele ya kikao, na kila asiyefahamika kwa jina atafutwe kwa namba yake ashukuriwe. Kilichobaki apewe mjane taslimu mbele ya mashahidi, kabla ya wajomba hawajaanza kukipangia shughuli.