Makato ya mshahara: fanya hesabu mara mbili, kwenye slipu na kwenye akaunti

"Wakuu, mkataba wangu unasema milioni moja na laki mbili kwa mwezi, lakini simu ikilia siku ya mshahara naona laki saba na kidogo. Salari slipu ninayo, ila ile sehemu ya makato siielewi kabisa. Anayenikata ni mwajiri au ni benki?"

Ndugu, kiasi hicho kinafanana sana na changu cha mwaka 2023, kwa hiyo nitakueleza kwa slipu yangu mwenyewe. Nazungumzia Tanzania Bara na sekta binafsi. Mtumishi wa serikali ana mfuko mwingine wa pensheni na viwango vingine vya uchangiaji.

Slipu yangu ilikuwa na mshahara wa msingi 900,000 na posho za nyumba na usafiri 300,000, jumla 1,200,000. Chini yake palikuwa na makato matatu: NSSF, yaani mfuko wa pensheni, PAYE, yaani kodi ya mapato, na HESLB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Kabla hujaanza kutoa chochote, angalia kama slipu yako ina safu ya pili inayoonyesha mchango wa mwajiri kwa NSSF. Yangu ilikuwa nayo, na kwa miezi kadhaa nilikuwa najumlisha 120,000 za mwajiri pamoja na 120,000 zangu, kisha nashangaa kwa nini hesabu hainikubali. Fedha ile haitoki kwenye mshahara wako. Vivyo hivyo tozo ya kuendeleza stadi na mchango wa fidia kwa wafanyakazi ni mzigo wa mwajiri peke yake, na ukiviona vimepunguzwa kwenye malipo yako una haki ya kuhoji siku hiyo hiyo.

Sasa fuata mpangilio huu, kwa sababu kosa lililonipata mimi lilikuwa kwenye mpangilio na wala si kwenye viwango. Kwanza unatoa NSSF, asilimia 10 ya jumla, yaani 120,000. Kinachobaki, 1,080,000, ndicho kinachotozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, anayezidi 1,000,000 hulipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kilichozidi. Mimi nilizidi kwa 80,000, na asilimia 30 yake ni 24,000, hivyo PAYE yangu ilipaswa kuwa 152,000. Mwisho ni mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi peke yake, posho hazimo: 135,000. Mkopo huu haupunguzi kodi hata kidogo, ingawa watu wengi hudhani unapunguza. Jumla ya makato ni 407,000, na mkononi inabaki 793,000.

Slipu yangu ilisema 757,000.

Pengo la 36,000 lilinisumbua kwa juma zima, hadi nilipoacha kutazama jumla na kulinganisha mstari mmoja mmoja. NSSF ilikuwa sawa, HESLB ilikuwa sawa, lakini PAYE iliandikwa 188,000. Hiyo ndiyo kodi ya 1,200,000 nzima, bila kutoa kwanza mchango wa pensheni. Ofisi ilikuwa imebadilisha mfumo wa mishahara mwezi Machi, na aliyeuweka hakuuambia kwamba NSSF hutangulia kodi. Kwa mtu ambaye mapato yake, hata baada ya kutoa NSSF, bado yanazidi milioni moja, kosa hili lina alama yake ambayo haijifichi: pengo huwa ni asilimia 30 kamili ya mchango wako wa NSSF. Chukua 120,000, zidisha kwa 0.3, unapata 36,000 ile ile. Ukikuta pengo la namna hiyo, usipoteze muda kutafuta mahali pengine.

Lakini wewe umeulizia simu, na hapo pana jambo la pili ambalo halihusiani na la kwanza. Mwezi huo ujumbe wa benki ulinionyesha 712,000, wakati slipu yenyewe, pamoja na kosa lake, ilisema 757,000. Nilikwenda kwa mhasibu nikiwa nimekunja uso, naye akanijibu kwa utulivu kwamba nilete taarifa ya akaunti, si ujumbe wa simu. Alikuwa na haki. Taarifa ilionyesha mistari miwili ya dakika moja: umeingia mshahara 757,000, kisha zimetoka 45,000, marejesho ya mkopo wa haraka niliouchukua kwenye simu katikati ya mwezi pamoja na ada yake. Nilikuwa nimesoma salio lililobaki nikadhani ndicho kiasi kilichoingia. Kwa hiyo linganisha NET PAY ya slipu na mstari wa fedha iliyoingia tu. Pengo likiwa kati ya slipu na mstari huo, aulizwe mwajiri. Likiwa kati ya mstari huo na salio, iulizwe benki, na mara nyingi jibu ni mkopo, ada ya mwezi ya akaunti, au agizo la malipo ulilosaini ukalisahau.

Kuhusu ile kodi, sikwenda na maneno matupu. Niliandika barua ya nusu ukurasa yenye hesabu niliyokuonyesha hapo juu, nikaambatanisha slipu ya Februari, kabla ya mfumo mpya, na slipu tano za Machi hadi Julai. Slipu ya Februari ndiyo iliyomaliza ubishi, kwa maana mshahara na posho vilikuwa vile vile ila PAYE ilikuwa 152,000. Ukiwa na slipu ya zamani yenye kiasi kile kile, itangulize kuliko maelezo yako yote. Walikubali kunirejeshea miezi mitano mara 36,000, yaani 180,000, pamoja na mshahara wa Agosti.

Agosti nilitarajia 793,000 na 180,000, jumla 973,000. Ziliingia 906,400. Safari hii sikusubiri juma zima. Niliisoma slipu kuanzia juu na kuona kwamba yale marejesho yamewekwa kwenye orodha ya posho, hivyo mfumo ukayahesabu kuwa ni mapato mapya: ukayakata asilimia 10 ya NSSF, 18,000, kisha ukatoza kodi ya asilimia 30 kwenye 162,000 zilizobaki, 48,600. Kodi niliyorejeshewa ilikuwa imetozwa kodi upya. Marejesho ya namna hii yanatakiwa kuingizwa baada ya makato yote kukamilika, au PAYE ya mwezi husika ipunguzwe kwa kiasi hicho, na popote utakapoyaona yamejumlishwa pamoja na posho ujue yatafika mkononi yakiwa pungufu. Nilirudi kwa mhasibu yule yule. Alicheka, akanivutia kiti, tukaiandika barua ya pili pamoja, na 66,600 zangu zikaingia Septemba katika mstari wake wa peke yake, chini kabisa ya slipu.